Swali la Seti Hujengwa Kuanzia Katikati

Maswali ya seti katika hisabati ya sekondari yana sura moja inayojulikana. Wanafunzi wa shule fulani wameulizwa wanapenda nini au wanafanya nini, idadi kadhaa zimetajwa, na mtahiniwa anatakiwa kutafuta idadi ambayo haikutajwa. Kwa anayelijibu, kazi huanza kwenye zile idadi kubwa za nje na kuishia katikati ya mchoro, pale duara zote zinapopandana. Anayelitunga huenda kinyume chake. Huanza katikati, akatoka nje hatua kwa hatua, na idadi kubwa huzipata mwishoni kabisa. Mwalimu anayebuni kwanza jumla zinazopendeza kisha akatumaini kwamba ndani mambo yatakaa sawa, mara nyingi hutoa swali ambalo lina jibu kwa mujibu wa kanuni, lakini darasa lenye wanafunzi wa namna hiyo haliwezi kuwapo duniani.

Mchoro unaotumika ni ule wa John Venn, mwanamantiki Mwingereza aliyeueleza katika makala ya mwaka 1880. Kabla yake Leonhard Euler alikuwa amekwisha kutumia duara kueleza mantiki, ila yeye alichora maeneo yale tu yaliyokuwa na kitu ndani. Venn alichora maeneo yote yanayowezekana, hata yaliyo matupu, kisha akatia alama kuonyesha lipi halina kitu. Tofauti hiyo inamhusu sana mtunzi wa maswali. Seti tatu huligawa darasa katika maeneo 8: wanaofanya jambo moja peke yake (maeneo 3), wanaofanya mawili bila la tatu (maeneo 3), wanaofanya yote matatu, na wasiofanya lolote. Eneo lisilo na mtu huandikiwa 0, halifutwi.

Ili maeneo hayo yapate watu, hojaji yenyewe lazima iruhusu kupandana. Kosa la kwanza hutokea hapo, kabla hata hesabu haijaanza. Mwanafunzi akiulizwa ni mchezo gani anaupenda kuliko yote, atataja mmoja, na duara hazitagusana kamwe. Swali linalofaa ni lile linalojibiwa kwa ndiyo au hapana kwa kila kitu: unacheza mpira wa miguu? Unacheza voliboli? Unashiriki riadha? Vivyo hivyo, hakuna maana kuhesabu waliochagua somo ambalo kila mwanafunzi analazimika kulisoma, kwa kuwa duara lake litalimeza darasa zima na kuziweka nyingine zote ndani yake. Mtunzi anayechukua swali kutoka kitabu cha nchi nyingine huingia mtego huu kwa urahisi. Somo ambalo kule ni la kuchagua, hapa huenda ni la lazima.

Darasa halisi linaweza kuhesabiwa kwa vikaratasi. Kila mwanafunzi huandika herufi za michezo anayocheza, M kwa mpira wa miguu, V kwa voliboli, R kwa riadha, au huacha karatasi tupu. Vikaratasi hukusanywa na kupangwa katika mafungu 8 kwa kadiri ya herufi zilizomo: MVR, MV, MR, VR, M, V, R na tupu. Njia ya kunyoosha mikono haifai. Mikono ikinyooshwa mara tatu, mwalimu hupata jumla tatu tu na hajui kamwe nani alinyoosha mara mbili. Tahadhari moja ipo: fungu likiwa na kikaratasi kimoja, darasa zima hugundua ni cha nani. Kwa mchezo si neno. Kwa maradhi, dini au hali ya nyumbani ni jambo jingine, na mambo hayo hayafai kuwa kwenye hojaji ya darasani hata kama idadi zake zingependeza.

Tuseme mafungu ya wanafunzi 80 yamekuwa hivi. Wanaocheza yote matatu ni 4. Mpira wa miguu na voliboli bila riadha, 7. Mpira wa miguu na riadha bila voliboli, 5. Voliboli na riadha bila mpira wa miguu, 3. Wanaocheza mpira wa miguu peke yake ni 22, voliboli peke yake 12, riadha peke yake 9, na wasiocheza mchezo wowote ni 18. Ukijumlisha unapata 80. Swali lenyewe bado halijaandikwa, lakini majibu yote yamekwisha kujulikana, na hakuna namna ambayo eneo lolote litatoka hasi.

Sasa ndipo jumla za nje hupatikana. Wachezaji wote wa mpira wa miguu ni 22 + 7 + 5 + 4, yaani 38. Wa voliboli ni 26 na wa riadha ni 21. Wanaocheza mpira wa miguu na voliboli, wawe wanacheza riadha au la, ni 7 + 4, yaani 11; mpira wa miguu na riadha ni 9; voliboli na riadha ni 7. Kanuni ya kawaida inaweza kutumika kuhakikisha:

n(M∪V∪R) = 38 + 26 + 21 − 11 − 9 − 7 + 4 = 62

Wanaocheza angalau mchezo mmoja ni 62, na 18 waliobaki wanakamilisha 80.

Kinachofuata ni kuamua nini kitajwe na nini kifichwe. Maeneo ni 8, kwa hiyo zinahitajika taarifa 8 ili mchoro wote ujulikane. Swali linaweza kutaja jumla ya darasa (80), jumla tatu za michezo (38, 26, 21), jumla tatu za michezo miwili miwili (11, 9, 7) na wasiocheza (18), kisha likauliza wanaocheza yote matatu. Hizo ni taarifa 8, na jibu ni moja tu: 4. Linaweza pia kutaja hao 4 na kuuliza wasiocheza. Ikitajwa taarifa ya 9, isipokinzana na nyingine haidhuru, ila swali linapoteza ukali wake, kwa sababu mwanafunzi anaweza kufika kwenye jibu bila kupita pale mtunzi alipokusudia apite.

Kuhesabu taarifa peke yake, hata hivyo, hakutoshi. Mtunzi anaweza kuondoa ile idadi ya 18 na mahali pake akaandika kwamba wanaocheza voliboli peke yake wamewazidi wanaocheza riadha peke yake kwa 3. Ni kweli, kwa sababu 12 − 9 ni 3, na taarifa bado zinaonekana kuwa 8. Lakini swali limekufa. Wanaocheza yote matatu wakiitwa x, voliboli peke yake inakuwa 26 − 11 − 7 + x, yaani 8 + x, na riadha peke yake 21 − 9 − 7 + x, yaani 5 + x. Tofauti yao ni 3 kwa x yoyote ile. Taarifa hiyo ilikuwa imekwisha kusemwa na zile nyingine kwa maneno mengine, na mwanafunzi aliyeandika mlinganyo wake atabaki na 3 = 3 mkononi, akidhani kosa ni lake. Dalili ya ugonjwa huu ni hiyo hasa: x inajifuta. Mtunzi huigundua kwa kulifanya swali lake mwenyewe kwa herufi, bila kuchungulia mafungu aliyoanza nayo.

Taarifa nzuri ya kuweka pale ni ile ambayo x inabaki ndani yake. Idadi zilezile zinatoa mfano. Wasiocheza ni 18, na wanaokimbia riadha peke yao ni 9. Badala ya kutaja 18, swali linasema kwamba wasiocheza mchezo wowote ni mara mbili ya wanaoshiriki riadha peke yake. Riadha peke yake ni 5 + x, basi wasiocheza ni 10 + 2x. Wanaocheza angalau mchezo mmoja ni 85 − 27 + x, yaani 58 + x. Jumla yao ni 68 + 3x, nayo lazima iwe 80, kwa hiyo x ni 4. Mchoro ni uleule na jibu ni lilelile, lakini swali limepanda daraja: sasa linataka mlinganyo, si kujumlisha na kutoa tu. Mtunzi ambaye hakuanzia ndani angeweza kuandika 81 badala ya 80, na x ingetoka 13/3, wanafunzi wanne na theluthi.

Nusu mtu huonekana haraka. Mtu hasi hujificha, na ndiye hasara kubwa ya kutunga kuanzia nje. Mfano ni swali lenye jumla zilezile, 80, 38, 26 na 21, ila mpira wa miguu na voliboli sasa ni 18, mpira wa miguu na riadha 9, voliboli na riadha 12, na yote matatu ni 3. Kanuni inasema:

38 + 26 + 21 − 18 − 9 − 12 + 3 = 49

Wasiocheza wanakuwa 31. Hakuna kinachoshtua, 49 ni chini ya 80, kila kilichotajwa ni namba nzima, na mwongozo wa kusahihisha unaandikwa 31 bila wasiwasi. Lakini mwanafunzi makini anayechora mchoro atakwama. Kwenye duara la voliboli, wanaocheza na mpira wa miguu bila riadha ni 15, wanaocheza na riadha bila mpira wa miguu ni 9, wa yote matatu ni 3. Hao ni 27, ilhali wachezaji wote wa voliboli ni 26. Voliboli peke yake inatoka −1. Kanuni haikuliona hilo, kwa kuwa inajumlisha maeneo yote pamoja, na eneo hasi linamezwa na mengine. Hivyo mwanafunzi aliyekariri kanuni anapata alama zote, na aliyeelewa mchoro anapoteza muda wake wa mtihani akitafuta kosa lisilo lake. Ukaguzi wa kweli ni mmoja tu, nao ni kujaza maeneo yote 8 na kuyatazama moja moja.

Baada ya idadi, maneno. Nchini Tanzania na Kenya mtihani wa hisabati wa sekondari huandikwa kwa Kiingereza, lakini maelezo ya darasani mara nyingi huteleza kwenda kwenye Kiswahili, na sentensi za seti zina utata wake katika lugha hii. Sentensi inayosumbua kuliko zote ni hii: “Wanafunzi 11 wanacheza mpira wa miguu na voliboli.” Kwa desturi ya hisabati, hao 11 ni pamoja na wale wanaoongeza riadha. Mtu wa kawaida huielewa kwamba wanacheza hiyo miwili basi. Mtunzi anayetaka maana ya pili aandike “bila riadha”, na anayetaka ya kwanza si vibaya akaandika “wakiwemo wanaocheza yote matatu”, angalau katika mazoezi ya mwanzo. Neno “tu” likiwekwa mwisho wa sentensi halisaidii sana. “Wanacheza mpira wa miguu na voliboli tu” linaweza kusomwa kama watu wa aina moja, wanaocheza miwili bila wa tatu, na msomaji mwingine akaona kwamba linataja wa mpira wa miguu peke yake pamoja na wa voliboli peke yake.

Ukanushaji una mtego wake pia. “Hawachezi michezo yote” inaweza kumaanisha kwamba hawachezi hata mmoja, ambao ni 18. Inaweza vilevile kumaanisha kwamba hawakufikisha yote matatu, ambao ni 76. Kati ya 18 na 76 ni mbali mno kuachia bahati. “Hawachezi mchezo wowote” humaliza ubishi. Nayo “hawachezi mpira wa miguu wala voliboli” iko wazi kabisa kisarufi, ila wengi hujibu 18 kwa haraka na kuwasahau wale 9 wa riadha peke yake. Jibu ni 27. Huo si utata wa lugha, ni swali zuri.

Michezo “miwili” nayo huhitaji kivumishi au kielezi cha kuisimamisha. Wanaocheza miwili kamili ni 7 + 5 + 3, yaani 15. Wanaocheza angalau miwili ni 19, kwa kuwa wale 4 wa katikati wamo. Wanaocheza usiozidi mmoja ni 61, kwa sababu wasiocheza nao wanahesabiwa. Mchoro mmoja umetoa maswali matatu yanayotofautiana kwa neno moja moja, na ni afadhali yote matatu yaulizwe pamoja, mfululizo, kuliko kutafuta hadithi mpya kwa kila moja.

Idadi zenyewe zinaweza kuchaguliwa ili kosa la mwanafunzi lijitaje. Swali linalotaja 4 na kuuliza wasiocheza lina jibu sahihi la 18. Aliyejumlisha 38, 26 na 21 akatoa 27 na kusahau kuwarudisha wale 4, atapata 58 na kujibu 22. Aliyekumbuka 4 lakini akawatoa badala ya kuwajumlisha, atajibu 26. Aliyezisoma 11, 9 na 7 kama wachezaji wa miwili bila wa tatu, atapata mpira wa miguu peke yake 14, voliboli peke yake 4, riadha peke yake 1, na atajibu 30. Majibu manne kwa njia nne tofauti, na hakuna mawili yanayogongana. Msahihishaji mwenye madaftari 80 mezani anajua kwa kutazama mara moja nani asomewe tena sentensi na nani arudishwe kwenye kanuni. Zaidi ya hapo, jumla ya 85 imezidi darasa kwa makusudi: anayejumlisha tu bila kutoa chochote anajikuta na wachezaji wengi kuliko wanafunzi waliopo, na mwenye macho atashtuka mwenyewe. Swali likigeuzwa, likataja 18 na kuuliza wanaocheza yote matatu, yule aliyeisoma sentensi vibaya atapata x = −2. Kwenye swali hilo kosa humzuia mtu njiani. Kwenye lile la kwanza humwacha apite akiwa na 30 yake inayofanana na jibu.

Lipo kosa jingine la mtunzi ambalo ni la zamani na huonekana zaidi kwenye seti mbili. Wanafunzi 45 wameulizwa. 30 wanacheza mpira wa miguu, 25 wanacheza voliboli. Wangapi wanacheza yote miwili? Jibu linalotarajiwa ni 10, kwa kuwa 30 + 25 ni 55 na ziada ni 10. Lakini hakuna mahali pameandikwa kwamba kila mwanafunzi anacheza angalau mchezo mmoja. Bila sentensi hiyo, wachezaji wote 25 wa voliboli wanaweza kuwa ndani ya wale 30, na wanafunzi 15 wakawa hawachezi kitu. Jibu la kweli ni idadi yoyote kuanzia 10 hadi 25. Mtunzi aliyesahau sentensi ile ameuliza swali jingine bila kujua, na lenyewe ni gumu kuliko lile alilokusudia.

Swali hilo jingine linaweza kuulizwa kwa kujua. Lewis Carroll, ambaye kwa jina lake halisi la Charles Dodgson alikuwa mhadhiri wa hisabati Oxford, alilitumia katika mafumbo aliyoyatoa kama kitabu mwaka 1885: askari wastaafu, 70 kati ya 100 wamepoteza jicho, 75 sikio, 80 mkono, 85 mguu, kwa uchache, wangapi wamepoteza vyote vinne? Waliosalimika na jicho ni 30, sikio 25, mkono 20, mguu 15. Hata kama hakuna aliyesalimika na viungo viwili, jumla yao ni 90, hivyo 10 lazima wawe wamepoteza vyote.

Hojaji ya michezo inalizalisha swali la namna hiyo kwa kuondolewa sentensi moja tu, ile inayotaja wasiocheza. Zinabaki taarifa 7 kwa maeneo 8, na x haijulikani tena. Lakini haiko huru pia, kwa sababu kila eneo lazima liwe 0 au zaidi. Maeneo ya mchezo mmoja ni 18 + x, 8 + x na 5 + x, ambayo hayana shida. Ya michezo miwili ni 11 − x, 9 − x na 7 − x. Wasiocheza ni 22 − x. Kinachobana zaidi ni 7 − x, kwa hiyo wanaocheza yote matatu ni kuanzia 0 hadi 7, na wasiocheza ni kati ya 15 na 22. Atakayeandika 0 hadi 22 ameangalia eneo la nje peke yake, na atakayeandika 0 hadi 21 amechukua jumla ya riadha akaacha kutazama duara mbili mbili zinavyopandana. Alama zinaweza kugawanywa hivyo: moja kwa kila kundi la maeneo aliyoyaandika kwa x, na moja kwa kulitambua lile linalobana.